Tanuri la udongo, gesi au umeme kwa mikate hamsini ya alfajiri

"Naishi Mtwara, naoka mikate na keki nyumbani. Nina jiko la gesi la plate nne lenye oveni chini. Linaingia mikate minne tu, na chini inaungua huku juu inabaki nyeupe. Wateja wanataka mikate hamsini kila asubuhi, na keki za oda mwisho wa wiki. Nina milioni mbili. Dukani wananiambia ninunue oveni ya umeme ya deki moja, trei mbili, milioni moja na laki nane. Jirani anasema umeme utanimaliza, nijenge tanuri la udongo kwa sababu kuni ni bure. Rafiki yangu wa Dar anasema gesi tu. Uwanja wa nyuma upo, nyumba ni ya familia. Nifanye lipi?"

Dada, jenga tanuri la udongo kwa ajili ya mikate, na hilo jiko lako la gesi libaki kuwa la keki. Milioni moja na laki nane usiitoe sasa hivi. Ila sababu zangu si zile za jirani yako, na ukijenga kwa sababu zake utajuta ndani ya miezi miwili.

Tuanze na hilo la kuni bure na umeme kummaliza mtu, kwa sababu ndilo linalopotosha wengi. Oveni uliyoonyeshwa dukani, ya deki moja na trei mbili, kwa kawaida hula kilowati 6 na kitu zikiwaka koili zote. Tuseme 6.6. Trei mbili zinabeba bati za mkate wa gramu 400 kama 14, kwa hiyo mikate 48 ni mikupuo minne. Kuipasha moto kwanza kunachukua kama dakika 40, yaani uniti nne na nusu hivi. Baada ya hapo themostati inakata na kuwasha, na kwa saa mbili na nusu za kuoka koili zinawaka karibu nusu ya muda, uniti nane nyingine. Jumla ni uniti 12 na nusu. Kwa tarifu ya kawaida, ukijumlisha kodi na makato, uniti moja ni kama shilingi 356. Hiyo ni shilingi 4,450 kwa mikate 48, karibu shilingi 93 kwa mkate mmoja.

Sasa gesi. Tuseme mtungi wa kilo 15 unajazwa kwa 58,000 hapo ulipo. Oveni ya gesi ya ukubwa uleule hupoteza moto mwingi zaidi kupitia tundu la kutolea moshi, kwa hiyo kazi ileile itakula kama kilo moja na nusu. Hiyo ni shilingi 5,800, au 120 kwa mkate. Na kuni? Tanuri la kuoka mikate 24 kwa mkupuo linataka kilo 20 hadi 25 za kuni kavu kwa siku. Ukinunua mzigo huo kwa 5,000, ni shilingi 104 kwa mkate. Weka bei zako za leo badala ya hizi zangu, lakini utaona zote tatu zinazungukia shilingi mia moja. Tofauti ni ya shilingi ishirini au thelathini, na mkate mmoja ulioungua unazila zote.

Kuni za bure zipo kwa wiki mbili za kwanza tu. Unaokota matawi ya mwembe, unapata vifuu na makumbi, shangazi anakuletea mzigo kutoka shamba. Ukishaanza kuwasha kila siku, unahitaji kama kilo 600 kwa mwezi, na hizo zinanunuliwa, zinapasuliwa, zinaanikwa na zinafunikwa mvua isizifikie. Zihesabu tangu siku ya kwanza.

Kwenye umeme kuna mtego mmoja ambao muuza oveni hakuambii. Kama nyumba yenu iko kwenye tarifu ya matumizi madogo, ile ya shilingi 100 kwa uniti, hiyo ni ya wasiozidi uniti 75 kwa mwezi. Oveni hii peke yake itakula zaidi ya uniti 300. Mtahamishwa, na kuanzia hapo taa, friji na feni za nyumba nzima zitalipiwa bei kubwa. Hiyo ni gharama ya familia, ijadilini kabla.

Basi kama gharama ya moto inakaribiana, mtu achague kwa kigezo gani? Kwa namna moto unavyofika kwenye unga. Hapa nataka tukae kidogo.

Umewahi kupika mkate wa kumimina kwa makaa? Unaweka makaa machache chini ya sufuria, na juu ya mfuniko unapalia mengi. Ukikosea ukaweka mengi chini, unapata kitako cheusi na uso mweupe, ndiyo hiyo shida ya jiko lako. Oveni ya plate nne ina kichomeo kimoja tu, kiko chini, chini ya bati jembamba. Bati hilo linakuwa jekundu karibu, linachoma kitako cha mkate, na kinachofika juu ni hewa ya moto tu. Hewa ya moto hubeba joto kidogo. Kinachopaka mkate rangi ni joto linalotoka kwenye kitu kizito kilichopashwa, kama vile unavyolihisi usoni ukisimama jirani na ukuta uliopigwa jua mchana kutwa.

Tanuri la udongo ni ukuta huo, umekuzunguka juu, pembeni na chini. Unawasha moto ndani, udongo unakunywa joto kwa saa mbili, kisha unatoa moto wote nje na kuoka kwa joto lililohifadhiwa. Kuba zima linaurudishia mkate joto kutoka kila upande. Ukishafunga mlango, mvuke unaotoka kwenye mikate 24 haupati pa kwenda, unakaa juu ya mikate na kuilainisha ngozi kwa dakika kumi za mwanzo. Ngozi laini inaruhusu mkate upande mara ya mwisho kabla haujakaza. Ndiyo maana mkate wa tanuri huwa mrefu na una rangi kuliko wa oveni ndogo, hata ukitumia kinyunya kilekile.

Lakini joto la tanuri linashuka tu, halipandi. Kila mkupuo unakunywa joto, kila ukifungua mlango linapungua, na huna kitufe cha kulirudisha. Mkate hauna shida na hilo, kwa sababu unataka joto kali mwanzoni, nyuzi 220 hadi 230, halafu haudhuriki likipungua. Keki ni kinyume. Keki ya oda ya kilo mbili inataka nyuzi 160 zilizotulia kwa saa nzima na zaidi. Joto likiwa kali, uso unakaza mapema, tumbo bado ni uji, unapasuka katikati. Likishuka kabla katikati hapajaiva, keki inabonyea. Hapo gesi na umeme vina faida ya kweli, kwa sababu mkono wako uko kwenye kitufe. Skonzi, keki ndogo za vikombe na biskuti zinaweza kufuata mikate tanurini likiwa limepoa kidogo. Keki ya harusi usiiweke humo.

Nikueleze usiku mmoja wa tanuri unavyokwenda, maana ndio utakaoishi nao. Chukua tanuri la kipenyo cha mita 1.2 kwa ndani. Linabeba bati 24 za gramu 400 bila kubanana, na bati ziache nafasi ya vidole viwili kati yake, ubavu usipopata joto unabaki mweupe na mkate unakunja kiuno ukitoka. Mkate wa gramu 400 ukatiwe kinyunya cha gramu 450, kwa sababu utapoteza maji ukioka. Mkupuo mmoja ni kama kilo 11 za kinyunya, yaani kilo sita na nusu za unga.

Saa nane usiku unawasha moto, katikati ya tanuri, kwa vijiti vyembamba, kisha unaongeza kuni za unene wa kifundo cha mkono. Huku unakanda mkupuo wa kwanza. Kuba linaanza kwa kuwa jeusi kwa masizi. Usihangaike. Likishapata joto la kutosha masizi yenyewe yanaungua, na utaona weusi unaondoka kuanzia kileleni, udongo unarudi rangi yake, kisha usafi huo unashuka pembeni. Ukifika karibu na sakafu, udongo umeshiba. Hiyo huwa saa kumi hivi. Unasambaza makaa sakafu nzima kwa dakika kumi, unayatoa yote kwenye karai la chuma, unafuta sakafu kwa kitambaa cha pamba kilichokamuliwa maji na kufungwa kwenye mti, halafu unafunga mlango.

Hapa ndipo wageni wa tanuri wanapoharibu. Wanatoa makaa na kuingiza mikate papo hapo. Sakafu wakati huo ina sehemu zinazounguza na sehemu za uvuguvugu. Lifunge dakika 20 hadi 25 joto lijigawe. Kisha tupa unga kidogo sakafuni uhesabu polepole. Ukigeuka mweusi kabla hujafika tano, subiri tena mlango ukiwa wazi kidogo. Ukipata rangi ya kahawia kwenye kumi hadi kumi na tano, ingiza mikate. Ukifika thelathini unga bado mweupe, umewasha kidogo au kuni zako ni mbichi.

Mkupuo wa kwanza unaingia saa kumi na nusu na unatoka baada ya dakika 30 hivi. Wa pili unaingia mara moja na utachukua dakika 40, kwa sababu joto limeshashuka. Mkate umeiva ukiutoa kwenye bati, ukaugonga kitako kwa kidole na ukasikia sauti ya kitu kitupu. Sauti nzito ina maana ndani bado kubichi. Kabla ya saa kumi na mbili una mikate 48 mezani. Lakini angalia: kinyunya cha pili kikandwe dakika 40 baada ya cha kwanza. Kwa joto la Mtwara hamira haikusubiri. Ukikanda vyote pamoja, cha pili kitakuwa kimeumuka kupita kiasi, na kikiingia tanurini kitabwaga. Watu wengi hulaumu tanuri kwa kosa hili.

Sasa kulijenga. Mimi tanuri langu la kwanza lilinifundisha kwa hasara. Nililijenga Mikindani, na kwa kuwa mawe ya matumbawe yapo tele, nikatandika sakafu kwa mawe hayo yaliyochongwa vizuri. Wiki ya tatu mikate ikaanza kutoka na unga mweupe kwenye kitako, na mteja mmoja akanirudishia nusu mkate wenye chembe inayokwaruza meno. Nilipopitisha ukucha sakafuni, jiwe lilikuwa linabanduka kama magamba. Wazee wa pwani wanajua sababu, kwa kuwa ndivyo chokaa inavyotengenezwa: unachoma matumbawe. Kila makaa yalipolala juu ya jiwe, uso wake ulipasuka na kugeuka kidogo kidogo kuwa chokaa, na unyevu wa usiku ukamalizia kazi. Matumbawe yatumie kwenye msingi na miguu ya tanuri, chini kabisa. Yasiguse moto. Mchanga wa ufukweni nao uache, una chumvi na vipande vya makombe vinavyofanya vilevile. Tumia mchanga wa mtoni au wa kuchimba.

Sakafu iwe ya matofali ya kuchoma, yaliyobanana bila udongo wala saruji kati yake, juu ya tabaka jembamba la mchanga. Chini ya mchanga huo weka kitu cha kuzuia joto lisizame ardhini: chupa tupu za glasi zilizolazwa na kufukiwa kwa majivu makavu zinafaa, na hazigharimu kitu. Usiposahau tabaka hili, sakafu itabaki na moto hadi mkupuo wa pili. Ukilisahau, mkupuo wa pili utatoka na uso wa kahawia na kitako kibichi.

Kuba lijengwe kwa udongo wa kichuguu uliochanganywa na mchanga, sehemu moja ya udongo kwa mbili au tatu za mchanga. Uwiano unautafuta kwa mkono. Finyanga donge la ukubwa wa chungwa, liachie kutoka usawa wa kiuno lianguke kwenye ardhi ngumu. Likitapakaa, una maji mengi. Likivunjika vipande, mchanga umezidi. Likibonyea kidogo na kubaki zima, hapo ndipo. Tengeneza kichuguu cha mchanga mbichi kwenye sakafu, kimo cha sentimita 48, kifunike magazeti yaliyolowa, kisha kipake udongo unene wa sentimita kumi. Siku ukikuta udongo umekaza, kata mlango na uchote mchanga. Kimo cha mlango kiwe kama asilimia 63 ya kimo cha kuba kwa ndani, kwa hiyo hapa ni sentimita 30. Usilione hilo kuwa urembo. Mlango ukiwa mrefu zaidi, joto linamwagika kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Ukiwa mfupi, moshi haupati njia na moto unakufa.

Acha likauke wiki mbili, kisha washa moto mdogo wa saa moja kila siku kwa siku tano. Baada ya hapo ndipo lipakwe koti la nje la udongo uliochanganywa na pumba nyingi za mpunga, sentimita nane hadi kumi. Koti hili ndilo linalotofautisha tanuri la kazi na tanuri la kuchezea. Bila hilo, weka mkono nje ya kuba wakati wa kuoka, utaungua, na joto hilo ndilo ulilolinunua kwa kuni. Saruji usiitumie popote karibu na moto, inapasuka na kumomonyoka.

Juu yake weka paa la bati, na liwepo kabla ya Novemba mvua hazijaanza, maana kwetu huku zikishika ni hadi Aprili au Mei. Paa la makuti hapana, hata kama liko juu sana. Cheche moja inatosha. Vitu hivi vyote pamoja na fundi, kwa makadirio yangu, havifiki laki tano. Kinachobaki nunua bati 50 za mkate, mizani ya kidijitali na meza ya kukandia. Kukanda kilo 22 za kinyunya kila usiku kwa mikono ni kazi nzito, na baada ya miezi michache naamini mashine ya kukandia itakufaa mapema kuliko oveni yoyote mpya.

Neno la kuni za Mtwara. Maganda ya korosho yapo kila mahali na yanawaka vikali, kwa sababu yana mafuta. Mafuta hayo ndiyo yanayobabua vidole vya wabanguaji. Ukiyachoma tanurini, moshi wake unawasha macho na kifua, na mabaki yake yanabaki kwenye kuba unaloweka chakula. Usiyatumie. Mbao za mitumbwi ya zamani na mbao zenye rangi au dawa nazo ziache. Mikoko haikatwi kiholela, ni misitu ya hifadhi. Mti wa mkorosho uliozeeka, mwembe, na vifuu vya kuwashia, hivyo vinatosha, ilimradi vimekaa kivulini hadi vikakauka kabisa. Gonga kuni mbili: zikilia kwa sauti kali zimekauka, zikitoa mdundo mzito zina maji, na nusu ya moto wako utakwenda kuchemsha maji hayo.

Turudi kwenye jiko lako la gesi, usilitupe. Kwa keki linafaa, ukilisaidia hapo chini. Weka vipande vya tofali la kuchoma au kigae kizito kisichopakwa rangi kwenye reki ya chini kabisa, uache nafasi pembeni ili hewa ipite, kisha keki ikae reki ya katikati. Lipashe dakika 30 badala ya kumi. Tofali litavunja ukali wa kichomeo na kusambaza joto. Nunua kipimajoto cha ndani ya oveni, kile cha saa ndogo kinachoning'inizwa, kwa sababu namba zilizoandikwa kwenye kitufe mara nyingi haziko sawa na joto la ndani. Ukiona inasoma 160 kwa dakika kumi bila kuyumba, weka keki. Na kabla ya kuanza keki kubwa, pima mtungi kwenye mizani. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye mtungi wenyewe. Toa huo, unajua gesi iliyobaki. Keki iliyozimikiwa gesi katikati haifufuki.

Huyo rafiki yako wa Dar huenda anazungumzia oveni kubwa ya gesi ya deki. Ni nzuri, lakini ulizia jambo moja kabla hujalipa: nyingi zina kibao cha umeme cha kuwasha na kupima joto. Umeme ukikatika, gesi nayo inafunga. Inahitaji umeme mdogo sana, betri na inveta ndogo vinaitosha, ila lazima ulijue mapema. Na kama nyumba yenu ni kati ya zile za Mtwara zilizounganishwa na TPDC kwenye bomba la gesi asilia, usiunganishe humo oveni iliyotengenezwa kwa gesi ya mtungi. Gesi hizi mbili hazitumii nozeli za ukubwa mmoja wala msukumo mmoja. Nozeli zibadilishwe na fundi wa gesi, si na fundi wa jirani mwenye spana.

Oveni ya umeme itakuwa na zamu yake kwako, siku keki zitakapokuingizia zaidi ya mikate. Haitoi moshi, ina koili za juu na chini unazozidhibiti kila moja peke yake, na themostati yake hutulia. Ila kabla ya kuinunua, mwite fundi umeme mwenye leseni ya EWURA aje nyumbani. Kilowati 6.6 ni karibu amperi 29, na soketi ya ukutani ni ya amperi 13. Inataka waya wake peke yake kutoka kwenye breka, na waya wa nyumba ya zamani ukilazimishwa unayeyuka ndani ya ukuta ambako hamuoni. Mwombe pia apime volti saa moja jioni na saa kumi alfajiri. Zikishuka kutoka 230 hadi 190, koili inabakiwa na moto wa theluthi mbili tu, maana nguvu hushuka haraka kuliko volti zenyewe. Utaona mikate inakaa muda mrefu, inakauka, na bado haishiki rangi, na utadhani umekosea hamira.

Kuna hali ambazo ningekwambia usijenge tanuri hata kidogo. Kama mtu wa nyumbani ana pumu au kuna mtoto mchanga na upepo wa alfajiri unaelekea madirishani mwenu, moshi wa saa ya kwanza utawaumiza, hata ukiwa na kuni kavu. Kama jirani yuko mita tatu kutoka hapo, utagombana naye. Na kabla hujachota udongo, nenda ofisi ya afisa afya wa manispaa umwonyeshe eneo. Biashara ya chakula inataka leseni, upimaji wa afya wa wanaoshika chakula na usajili wa jengo TBS, na ni afadhali akwambie leo kwamba tanuri lisogee mita mbili kuliko akwambie limeshakauka. Muulize pia msimamo wao kuhusu kuni, kwa sababu mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, wa 2024 hadi 2034, unasukuma watu watoke kwenye kuni na mkaa. Jibu lake likiwa hapana, rudi kwenye gesi ya deki na betri yake, siyo umeme, hadi volti zenu ziwe zimepimwa.

Likishawaka mara chache, utaona nyufa kwenye kuba. Nyufa nyembamba kama unywele ni za kawaida, udongo unapumua. Ufa unaoingia sarafu, uloweshe na uuzibe kwa udongo uleule wa kichuguu na mchanga, tanuri likiwa baridi. Lakini ukiwasha usiku, taa zote zimezimwa, ukaona mwanga wa moto ukipenya kwenye ufa, usiingize mikate. Toa makaa, liache lipoe, na mlete aliyelijenga alitazame kwa macho.